Milima ya Masisi: inapanda namna gani, na inakwisha namna gani



Katika mikutano yetu ya Masisi na Walikale kuna swali moja linalorudi kila msimu: juu ya nini shamba la mteremko linachoka haraka, hata pale mkulima anapolilima vizuri? Kwa kawaida sisi maagronomi tunajibu kwa kusema mvua, jembe na mbolea. Jibu hilo si la uongo, lakini ni fupi. Mwezi uliopita nilialikwa kusindikiza wanafunzi wa sekondari ambao mwalimu wao wa jiografia aliwapandisha kwa miguu kutoka Sake kuelekea Mushaki, na pale juu akawaeleza asili ya milima hii. Yeye mwenyewe ni mtoto wa Walikale aliyeoa Masisi, basi anazijua pande zote mbili. Niliandika maneno yake kwenye kaye yangu, na hapa nawapa sehemu kubwa ya hayo, pamoja na kipimo tulichofanya shambani kiisha.

Tulisimama mahali barabara inapogeuka na ziwa linaonekana lote. Mwalimu aliweka wanafunzi wakae kwenye majani, akaanza hivi.

«Watoto wangu, muangalie kwanza, musiandike. Kule chini munaona Ziwa Kivu. Maji yake yako metre 1460 juu ya bahari, na mahali penye kina kirefu kabisa yanashuka tena metre 485. Huku kushoto munaona Nyiragongo, metre 3470, pamoja na Nyamulagira. Ng'ambo ya ziwa ni Rwanda, na kule pia milima inasimama kama ukuta, sawa na hii tunayokalia. Basi mutaona kama tuko na kuta mbili, na katikati shimo refu lenye maji. Mulima wetu hauwezi kueleweka peke yake. Lazima uuelewe pamoja na lile shimo.

«Katika vitabu mulisoma kama milima mikubwa ya dunia, kama Himalaya, ilipanda kwa sababu vipande viwili vya ardhi viligongana. Hapa kwetu ni kinyume. Hapa vipande viwili vinaachana.»

Alikuwa amebeba kipande cha mgomba, urefu wa mkono mmoja. Alikikata mara mbili kwa panga, lakini si wima: alilaza panga, ili kipande cha katikati kiwe kipana juu na chembamba chini, kama kabari. Akavibananisha vipande vyote vitatu kati ya mikono yake, halafu akaanza kuachanisha mikono polepole. Kipande cha katikati kikateremka chenyewe, na viwili vya pembeni vikabaki juu.

«Munaona? Sikukisukuma. Nilivuta tu pembeni. Hiki cha katikati ni ziwa. Hiki cha mkono wa kuume ni Rwanda, na hiki cha kushoto ni Masisi. Ule upande wa Rwanda unatuacha kama milimita 2 kila mwaka. Ukucha wako unakua karibu mara ishirini zaidi ya hapo, ndiyo maana hakuna babu anayeweza kusema aliona. Lakini uhesabu: milimita 2 kwa mwaka, katika miaka milioni moja, ni kilometre 2. Na huku kwetu kazi hii ilianza zaidi ya miaka milioni kumi iliyopita, ingawa haikwenda kwa mwendo uleule siku zote.»

Msichana mmoja aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuona ardhi ikifunguka kwa macho. Mwalimu akacheka.

«Wewe mwenyewe! Mwaka 2021 ulikuwa wapi? Tarehe 22 mwezi wa tano Nyiragongo ililipuka, na kwa siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana, ikapasuka katikati ya muji wa Goma, barabarani na ndani ya nyumba za watu. Tarehe 27 Goma ikaambiwa ihame, na Sake ikajaa watu. Wale walioona mipasuko ile waliona ufa wa Afrika ukifanya kazi. Moto ulioyeyuka chini ya ardhi ulikuwa unajipenyeza kama kabari na kuachanisha mawe. Miaka mingi ardhi inavutwa kimyakimya, kisha siku moja inaruka. Tetemeko ndio hesabu ya miaka mingi inayolipwa mara moja.»

Hapo nilimuuliza jambo ambalo lilikuwa linanisumbua mimi mwenyewe: kama katikati panashuka, sawa, lakini juu ya nini pembeni panapanda? Mgomba haukupanda, ulibaki tu pale ulipokuwa. Alifurahi na swali.

«Agronomi ameona vizuri, mgomba unasema nusu tu. Kuna mambo mawili. La kwanza ni joto. Chini ya Afrika Mashariki kuna jiwe lenye joto kali linalopanda kutoka ndani, na kitu chenye joto kinavimba. Ardhi yote ya upande huu iliinuliwa kama mkate unaovimba ndani ya tanuru, na mkate ukivimba sana unapasuka juu. La pili ni uzito. Jiwe tunalokalia linaelea juu ya jiwe zito zaidi la chini, ambalo kwa muda mrefu sana linakubali kusogea kama lami. Muwaze pirogi iliyojaa magunia. Ukiyatoa magunia, pirogi inainuka. Pale katikati ya ufa ardhi ilipovutwa ikawa nyembamba, mzigo ulipungua, na kingo zake zikainuka. Masisi ni ukingo wa pirogi.»

Mfano huu wa pirogi niushike kidogo, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo mimi pia nililisahau tangu masomo ya chuo. Mvua inapoumomonyoa mlima na kubeba udongo kwenda mbali, nayo pia inatoa magunia ndani ya pirogi. Kwa hiyo mlima unapopunguzwa, unainuka tena. Jiwe la juu lina uzito wa kama tani 2.75 kwa metre kyube moja, na lile la chini kama tani 3.3. Ukigawanya, unapata kama 0.83. Maana yake, mvua ikiondoa tabaka la metre 100 katika eneo zima, kama metre 83 zinarudi kwa kuinuka kutoka chini, na uso wa nchi unashuka metre 17 tu. Ndiyo sababu mlima unakawia sana kwisha. Lakini hesabu hii ni ya eneo pana, makumi ya kilometre kwa makumi ya kilometre. Kilima kimoja au shamba moja haliinuki peke yake: ukipoteza udongo wa shamba lako, hakuna cha kuurudisha kutoka chini.

Mwalimu aliendelea kwa kugeuka nyuma, kuelekea magharibi.

«Sasa muache ziwa, muangalie huku. Mvua ikianguka upande tuliotoka, maji yanashuka Sake, yanaingia Ziwa Kivu. Kutoka pale yanafuata Ruzizi hadi Tanganyika, kisha Lukuga, kisha Lualaba. Ikianguka upande wa pili wa kilele, yanaingia mto Oso, Oso inaingia Lowa, Lowa inapita Walikale na kwenda kuanguka ndani ya Lualaba. Matone mawili yanaachana hapa juu ya mulima, na yanakutana tena ndani ya mto Kongo. Moja limefanya safari fupi, lingine limezunguka nchi.

«Na haikuwa hivyo siku zote. Zamani maji ya bonde hili la Kivu yalikuwa yanaenda kaskazini, upande wa Ziwa Edward na mto Nil. Volkano za Virunga ndizo zilizofunga njia, kama mtu anayejenga ukuta katikati ya mfereji. Maji yakajaa, yakatafuta pa kutokea, yakapata kusini. Hata wazee wetu waliona kidogo cha namna hiyo: moto wa Nyamulagira ulioanza mwaka 1938 ulishuka hadi ziwani karibu na Sake, na kipande cha ziwa kikafungiwa.

«Muangalie pia umbo la vilima. Juu kabisa, penye ng'ombe, ni pa mviringo, karibu pa tambarare. Chini kidogo mteremko unakuwa mkali ghafula. Ile sehemu ya juu ni nchi ya zamani, kutoka wakati ambao mulima ulikuwa haujapanda. Mito ilikuwa inatembea polepole. Ardhi ilipoinuliwa, mito ikapata nguvu mpya, ikaanza kukata kutoka chini kuja juu. Kila mahali munapoona mto unaruka, pale ndipo mkato umefika, na kila mwaka unarudi nyuma kidogo. Siku moja utafika malishoni.»

Ndugu wanachama, mstari huo ambapo tambarare inavunjika kuwa mteremko mkali muujue kwenye vilima vyenu. Ndipo mlima unapokwisha kwa haraka zaidi, na si kwa tone baada ya tone, bali kwa mporomoko. Mwalimu aliwakumbusha wanafunzi usiku wa tarehe 4 mwezi wa tano 2023 katika teritware jirani ya Kalehe, ambapo Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na maji, mawe na matope, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini mteremko ulikuwa umekwisha kujazwa mzigo: juu ya jiwe gumu kuna udongo mzito, maji yanaingia hadi kwenye jiwe na kukwama pale, na udongo unakuwa kama gunia lililowekwa juu ya ubao wenye sabuni.

Miti inashika gunia hilo kwa mizizi. Ukiukata msitu, hauporomoki siku hiyohiyo, maana mizizi inaoza polepole, na ndiyo sababu mtu anadanganyika. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 juu ya ukanda wa ufa kutoka kaskazini ya Tanganyika hadi Kivu ulikuta kwamba baada ya msitu kukatwa, maporomoko yanaongezeka kwa muda wa kama miaka 15, na udongo unaobebwa nayo unakuwa mara 2 hadi 8 zaidi. Anayekata leo anaweza kumwachia mtoto wake mporomoko. Alama zinaonekana mapema kwa anayetembea shambani: mpasuko wa nusu mwezi juu ya mteremko, unaopanuka kila mvua, miti iliyoinama yote upande mmoja, chemchemi mpya mahali pakavu, au chemchemi ya zamani inayotoa maji ya matope bila mvua. Ukiona mpasuko wa nusu mwezi, usichimbe mfereji wa kushika maji juu yake. Mfereji huo, ambao mahali pengine ni dawa, hapo unanywesha maji mahali pabaya kabisa. Yaongoze maji pembeni, na nyumba zilizo chini zihame kabla ya mvua kubwa.

Baada ya hapo mwalimu alitoa mfukoni kijiwe cheusi, kidogo kuliko harage lakini kizito, akakipitisha mkono kwa mkono. Wanafunzi wote walikijua: kasiterite.

«Kwetu Walikale, Bisie, watu walianza kuchimba hii mwaka 2002. Huku Masisi, Rubaya, munachimba koltani. Mwanafunzi wa jiografia ajiulize: vitu hivi vilipikwa wapi? Vilipikwa chini, kilometre nyingi ndani ya ardhi, karibu miaka bilioni moja iliyopita, pembeni ya granite iliyokuwa bado moto. Haviwezi kupikwa karibu na jua. Basi kama leo kijana anavipata kwa koleo, yale mawe yote yaliyokuwa juu yake yako wapi?»

Kimya. Kisha mvulana mmoja akasema: «Yalikwenda na maji.»

«Yalikwenda na maji! Karyeri ya Rubaya ni ushahidi kama palikuwa na nchi nyingine juu ya nchi hii. Ile milima ya kwanza ilikwisha kabisa, ikawa nchi tambarare, mito ikatembea juu yake kama juu ya meza. Ndipo baadaye sana ufa ukaja na kuinua ile meza. Mulima wa leo ni jiwe la zamani sana lililoinuliwa jana. Na kazi ya kuushusha ilianza siku ileile ulipoanza kupanda.

«Maji hayabebi vyote sawasawa. Mwaulize wanaoosha kasiterite mtoni. Mchanga wa kawaida ni mzito mara 2 na nusu hivi kuliko maji, kasiterite karibu mara 7. Mto unapochoka, unaacha kizito kwanza, kisha changarawe, kisha mchanga. Udongo mwembamba hauachwi. Huo unapita Walikale bila kusalimia. Na udongo mwembamba, agronomi atawaambia, ndio wenye chakula.»

Nilithibitisha hilo. Unaweza kuliona nyumbani: teka maji ya kijito mara baada ya mvua ndani ya chupa ya plastiki, iache isimame. Mchanga unashuka kabla hujamaliza kusalimia jirani. Udongo laini bado unaelea asubuhi ya pili, na maji yanabaki na rangi ya chai ya maziwa. Kwenye chembe hizo laini, pamoja na mboji nyeusi, ndiko chakula cha maharagi na viazi kinakoshikamana.

Wakati wa kushuka tulisimama kwenye shamba la mwanachama mmoja wa koperative, ili wanafunzi wapime wenyewe mlima unakwisha kwa mwendo gani. Shamba liko kwenye mteremko mkali, lina mihogo na maharagi, halina mstari hata mmoja wa majani. Lina miti ya avoka ambayo mwenyewe anakumbuka aliipanda miaka 12 iliyopita. Njia ni hii: kila mti una shingo, pale shina linapogeuka kuwa mzizi. Siku ulipopandwa, shingo ilikuwa sawa na uso wa udongo. Kama leo shingo inaning'inia juu, udongo umeondoka. Unapima kwa rula kutoka shingoni hadi udongoni, upande wa kulia na wa kushoto wa shina. Usipime upande wa juu, maana shina linazuia udongo ukarundikana, wala upande wa chini, ambapo maji yanachimba shimo.

Wanafunzi walipima miti mitano wakapata santimetre 14, 17, 18, 19 na 42. Walitaka kujumlisha na kugawanya kwa tano. Niliwakataza. Ule mti wa 42 uko kwenye njia ya ng'ombe, na kwato zao ndizo zilizochimba. Ungedanganya hesabu nzima. Tukazipanga namba na kuchukua ya katikati: 18. Milimita 180 kwa miaka 12 ni milimita 15 kwa mwaka. Milimita 15 juu ya hektare moja ni metre kyube 150, na tukikadiria kwamba udongo wetu mwepesi una tani moja kwa metre kyube, ni tani 150. Hayo ni magunia 3000 ya kilo 50, kila mwaka, kutoka hektare moja.

Mwalimu aliandika namba nyingine pembeni. Mlima ukipungua chini ya msitu kwa sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, unapoteza kilometre moja katika miaka milioni kumi, na huo ni mwendo ambao jiwe linaweza kuufuata kwa kuoza na kutengeneza udongo mpya. Shamba hili linakwenda mara 150 zaidi. Hata hivyo niseme wazi: si magunia yote 3000 yanayofika Oso. Sehemu kubwa inasimama chini ya mteremko, na ndiyo sababu shamba la jirani wa chini ni jeusi na nene. Tena shamba haliwezi kuendelea na mwendo huo milele, maana chini ya udongo kuna jiwe, na jiwe halikubali jembe.

Tulichimba shimo kujua limebaki kiasi gani. Hadi jiwe linalooza kulikuwa na santimetre 75. Kwa milimita 15 kwa mwaka, ni miaka 50. Mwenye shamba alifurahi kusikia 50, lakini mwanafunzi mmoja alimwonyesha ukuta wa shimo: ulikuwa mwekundu kuanzia juu. Kwenye kichaka cha jirani, ambacho hakijalimwa, tabaka jeusi la juu lina santimetre 20. Yeye amekwisha kupoteza 18. Analima sasa tabaka la pili, ndiyo maana mavuno ya maharagi yanapungua ingawa udongo bado uko.

Tulikubaliana naye aanze na mistari ya tripsakum inayofuata usawa wa mteremko, kila baada ya metre 8, kwa sababu majani yake yanashika udongo na ng'ombe wanayala. Mistari itaanza juu, si chini, maana maji yaliyokwisha kupata mbio hayazuiliki na mstari wa majani machanga. Na kwenye kila avoka wanafunzi wameweka alama ya rangi shinani, sawasawa na uso wa udongo wa leo. Mwakani, mwezi uleule, mtu yeyote wa koperative anaweza kupita na rula.